Baba mkubwa atasoma hotuba hii ya mirathi kwenye arobaini Jumamosi. Nisaidieni kuirekebisha

Mpanda_Ngalawa

Wakuu salaam. Baba yangu mdogo alitutoka, hii ni wiki ya tano sasa. Jumamosi ni arobaini. Hitima itasomwa nyumbani kwake Ngamiani, hapa Tanga mjini, baada ya Alasiri, kisha baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, atasimama kueleza habari ya mirathi. Kanipa karatasi mbili za mkono nimchapie. Nimechapa, lakini kila nikiisoma tumbo linanikata.

Marehemu kaacha mke mmoja, mama yake mzazi ambaye ndiye bibi yetu, watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Binti mwingine alitangulia miaka 4 iliyopita, akaacha watoto wawili ambao marehemu ndiye aliyekuwa akiwalea. Wasia wa maandishi hakuna. Mali ni nyumba ya vyumba 6, vitatu vina wapangaji, shamba la minazi Pangani, nusu ya mashua aliyonunua na rafiki yake, na pesa za benki.

Kipande chenyewe hiki:

"Ndugu zangu, mali ya marehemu ni mali ya ukoo, na mkubwa wa ukoo ni mimi. Hati ya nyumba ninayo na itabaki kwangu. Benki kuna milioni kumi na tisa na nusu. Mtoto wake mkubwa anayo kadi na namba ya siri, atazitoa tulipe madeni, zitakazobaki tutagawana. Shemeji yangu atakaa hapa mpaka amalize eda, halafu kwao watampokea. Wale wajukuu wawili ni damu yetu, watapata fungu la mama yao. Shamba la Pangani haliuzwi. Anayemdai marehemu aseme leo, baada ya leo hatutambui deni."

Mzee si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyehangaika na hospitali mpaka siku ya mwisho. Nirekebishe wapi, na mtu mzima kama yule namwambieje?

Chachandu_wa_Makorora

Pole sana. Ila hapo hajasema rambirambi zilipatikana ngapi na zimetumikaje. Kwetu mzee alisimama akaruka hiyo habari, watu wakanuna miaka miwili. Andikeni mapato na matumizi mpaka mkaa.

Mpanda_Ngalawa

Mkuu, rambirambi daftari lake lilisomwa siku ya kuanua tanga, hilo limekwisha. Naulizia mali.

Karani_Mstaafu

Kijana, pole kwa msiba. Nimekaa masjala ya mahakama ya mwanzo hadi nikastaafia humo. Nikuambie ukweli, mashauri mengi ya mirathi niliyoyafungulia jalada yalianzia kwenye hotuba kama hiyo. Watu walikuwa wanapendana mpaka mzee aliposimama kugawa kitu ambacho hana mamlaka ya kukigawa.

Nianze na hilo la kadi ya benki maana ndilo la haraka. Mwambie huyo kijana asiiguse. Mtu akifa, pesa yake haina wa kuitoa mpaka apatikane msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Atakayekwenda kwenye mashine usiku na namba ya siri ya marehemu ameingilia mirathi, na taarifa ya benki itaonyesha tarehe na saa. Nimewahi kuona mtu anasomewa taarifa hiyo mbele ya dada zake. Alitoa laki nne nne kwa siku saba mfululizo kuanzia kesho yake ya mazishi, na alikuwa kazitumia kununua mchele wa msiba huohuo, lakini nani atamwamini?

Njia yenyewe si ngumu. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, waliohudhuria wanasaini. Mnachukua cheti cha kifo cha RITA. Anayependekezwa anakwenda mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, anajaza Fomu Na. 1. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, siku ya kusikilizwa warithi wanakwenda. Hakimu akiridhika anatoa Fomu Na. 4, ndiyo ya uteuzi. Bila hiyo hata uwe mkubwa wa ukoo wa Tanga nzima, benki watakuamkia tu na kukuaga.

Halafu sikiliza, pesa za benki kwa kawaida hazipiti mkononi mwa msimamizi. Zinahamishiwa akaunti ya mirathi ya mahakama, na huko ndiko kila mrithi analipwa chake. Wazee wengi hawalijui hili, wanadhani wanampigania mtu wa kushika bunda.

Mmarangu_Halisi

Sisi kwetu kihamba hakigawiwi hovyo, mzee wa ukoo anasema na watu wanasikia. Mahakama za nini? Sheria za kimila zipo na zimeandikwa tangu 1963. Na huo wasia wa mdomo, kama upo, unatakiwa mashahidi wanne.

Karani_Mstaafu

Mmarangu, wanne ni kweli, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Lakini hiyo ni kwa mirathi inayokwenda kimila. Huyu kasomewa hitima, kaoa kwa ndoa ya Kiislamu, kazikwa Kiislamu. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, haiangalii kabila peke yake. Ingekuwa kabila tu, kwa Wadigo wa zamani tungekuwa tunawatafuta wapwa sasa hivi.

MamaZai

Mimi naomba niseme kuhusu huyo mjane. "Kwao watampokea." Niliambiwa maneno hayohayo, mbele ya watu, nikiwa ndani ya eda na buibui jeusi, na sikuwa na ruhusa hata ya kuinua uso nijibu. Nyumba ile mabati yake nilinunua mimi kwa pesa ya vitumbua. Risiti ninayo mpaka leo, imefifia, inasomeka ukiishika juani. Mwambie mzee wako aifute hiyo sentensi. Asiilainishe, aifute.

Wakili_Mtarajiwa

MamaZai ana haki kabisa kisheria. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo mjane achukue kwanza nusu yake, kinachobaki ndicho mirathi.

Karani_Mstaafu

Nusu yako ya hoja naikubali. Ile kesi ilikuwa ya talaka. Kifungu kile cha Sheria ya Ndoa kinaongelea kutengana na kuachana, mume akifa hakiji chenyewe. Ila mlango upo mwingine. Mirathi ni mali ya marehemu tu. Kama mke alinunua mabati, jina lake limo kwenye hati, au kuna pesa yake ya kuonekana, hiyo haikuwa ya marehemu na haiingii kwenye hesabu. Inabidi aithibitishe, na hapo ndipo risiti ya MamaZai inapokuwa dhahabu. Kuhusu kazi ya nyumbani pekee pale mume anapofariki, nimeona mahakimu wakienda pande mbili, sitakudanganya.

Maalimu_Chumbageni

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote. Mzee ana makosa manne, na la kwanza linamhusu mwenyewe: yeye si mrithi. Marehemu ana watoto wa kiume, kwa hiyo kaka na dada zake wote wanazuiwa. Akisema "tutagawana", huyo "tu" hayumo. Anaweza kuwa mshauri, anaweza hata kuwa msimamizi warithi wakimwamini, lakini fungu hana.

La pili ni wajukuu. Inauma, najua. Mama yao alitangulia kabla ya baba yake, hivyo hakurithi chochote cha kuwaachia, na wajomba zao wapo hai wanawazuia. Asiwaahidi hadharani. Njia ya kuwasaidia ilikuwa wasia wa babu yao, usiozidi theluthi. Kama hakuusia, imebaki hiari ya warithi wenyewe, kila mtu mzima kutoa katika chake.

La tatu ni deni. Deni la marehemu haliishi kwa tangazo la siku moja. Linamfuata. Na kuna deni moja ambalo wazee husahau kila mara. Muulize mjane, kwa adabu, kupitia wanawake wenzake, kama mahari yake ilimalizika. Kama ilibaki, ni deni sawa na la duka, linalipwa kabla ya mtu yeyote kupata fungu.

La nne MamaZai kashalisema. Mjane anahesabiwa miongoni mwa warithi wa nyumba hiyo, mgeni humo si yeye. Tena arobaini inaangukia katikati ya eda yake ya miezi minne na siku kumi. Si wakati wa kumwonyesha mlango.

Mpanda_Ngalawa

Maalimu, nimerudi na jibu. Shangazi kaenda kumuuliza. Mahari ilikuwa laki sita, alipewa laki tatu siku ya nikahi, tatu zilibaki "mpaka tujaaliwe". Miaka 31. Anasema hakuwahi kukumbusha kwa sababu ya aibu. Madeni mengine ni duka la vifaa vya ujenzi, 2,400,000, daftari la duka lina saini ya marehemu. Inakuwaje hesabu?

Maalimu_Chumbageni

Tuchukue pesa za benki peke yake, uone mfano. 19,500,000 toa duka 2,400,000, toa mahari 300,000. Zinabaki 16,800,000.

Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni, yaani moja ya nane. Mama mzazi ana sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Ukitafuta namba inayokubali yote unagawa mafungu 168, na kwenu kila fungu linaangukia laki moja kamili. Mke mafungu 21, yaani 2,100,000. Mama 28, yaani 2,800,000. Kila mtoto wa kiume 34, yaani 3,400,000. Kila wa kike 17, yaani 1,700,000. Jumlisha, itarudi 16,800,000.

Angalia bibi yako. Hotuba nzima haikumtaja, na yeye anapata zaidi ya mjane.

Nyumba na shamba hesabu ni hiyohiyo, ila huwezi kukata ukuta vipande 168. Ama mnathamini na wenye uwezo wanawanunua wenzao, ama mnaacha bila kuuza na kodi inagawanywa kwa mafungu hayo.

Wakili_Mtarajiwa

Binti kupata nusu ya kaka yake mwaka huu? Katiba ibara ya 13 inakataza ubaguzi.

Maalimu_Chumbageni

Nimejibu swali nililoulizwa.

Karani_Mstaafu

Hilo fungueni uzi wake, hapa tutakesha.

Kijana, umetaja wapangaji kwa kupita tu. Wapangaji watatu wamelipa kwa nani tangu msiba? Kodi iliyoingia baada ya kifo nayo ni mali ya mirathi. Leo nunua daftari, andika tarehe, chumba, kiasi, aliyepokea. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka mahakamani Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, na baadaye Fomu Na. 6, hesabu ya kilichoingia na kutoka. Ukitaka kumjua msimamizi anayekula, angalia kama kodi ya miezi ile ya mwanzo imo kwenye orodha. Mara nyingi haimo. Dalili nyingine ni hati ya nyumba kubadilishwa ikasoma jina lake mwenyewe, bila neno "msimamizi", kabla ya warithi kupata chochote.

Sasa hotuba. Ushauri wangu ni kwamba iseme machache. Pale kuna majirani, wapangaji, wadeni na vibaka. Usitaje milioni za benki hadharani. Mzee aseme njia itakayofuatwa, nani wa kuonwa, lini, na hati ziko wapi. Mafungu na tarakimu ni za kikao cha ndani baada ya pilau, warithi na wazee tu. Na mwendee mzee Alfajiri, akiwa peke yake. Usimwambie amekosea. Mwambie karani wa mahakama anasema benki wataikataa.

Mpanda_Ngalawa

Nimekwenda. Alinyamaza muda mrefu, akachukua kalamu akafuta mwenyewe ile ya "kwao watampokea". Mengine tulibishana kidogo. Hii ndiyo tuliyokubaliana:

"Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu, majirani, na wote mliotusitiri siku arobaini hizi, Mungu awalipe. Nimesimama kwa sababu mimi ndiye mkubwa wao, na mkubwa huulizwa. Lakini niseme mapema, katika mali ya mdogo wangu mimi sina fungu. Wenye haki ni mama yetu, mjane wake na watoto wake watano.

Leo hatugawi kitu. Hakuna mwenye ruhusa ya kuuza, kukodisha upya, kuhamisha wala kutoa pesa ya marehemu mpaka mahakama iteue msimamizi. Hata kamba ya mashua isifunguliwe bila yule mwenzake kujua.

Hati ya nyumba na karatasi za shamba ziko kwangu, nimezihesabu mbele ya mtoto wake wa kwanza wa kike na wa kiume. Msimamizi akipatikana nitamkabidhi siku hiyo, na atanisainia. Wapangaji, kuanzia leo kodi mtamlipa huyo binti, na mtadai stakabadhi. Asiyepewa stakabadhi aje kwangu.

Anayemdai marehemu amwone mdogo wangu wa mwisho, aliyekaa mlangoni pale, aje na maandishi au shahidi. Tumejipa mwezi mmoja wa kukusanya, na atakayechelewa bado tutamsikiliza, maana deni halifi. Na ambaye marehemu anamdai, naye ajitaje. Tunajua kuna watu walichukua nazi kwa mkopo.

Shemeji yangu yumo nyumbani kwake. Nimesema nyumbani kwake. Akiwa ndani ya eda asisumbuliwe kwa neno la mali, na akitoka, atakaa kwenye kikao kama mrithi mwingine.

Kuna wajukuu wawili hapa ambao mmezoea kuwaona mgongoni kwa babu yao. Sheria yao tutaongea na wenye elimu. Ada za muhula huu nimezilipa. Baada ya chakula, warithi na wazee wabaki ndani. Wengine tunawaombea njia njema. Al-Fatiha."

MamaZai

"Nimesema nyumbani kwake." Nimeisoma mara tatu.

Chachandu_wa_Makorora

Kumbe na wadaiwa wanatangaziwa! Ile ya nazi kali.

Mpanda_Ngalawa

Mrejesho wa Jumamosi. Mzee kasoma vizuri, karatasi ikitetemeka kidogo. Alipofika kwenye nazi watu wawili waliangalia chini, na mmoja kaja jioni na 85,000. Mwenye duka kaja na daftari lake. Ameandikisha.

Kikao cha ndani ndicho kilichokuwa kirefu. Msimamizi wamependekezwa wawili, binti mkubwa ambaye ni muuguzi na mdogo wake wa kiume, ili mmoja asifanye kitu peke yake. Muhtasari umesainiwa na watu tisa. Bibi katia dole gumba, akauliza kama inauma.

Halafu yametokea mawili. Kwanza, baba mkubwa katoa bahasha ya stakabadhi za hospitali, 640,000, kasema hazidai ila anataka zijulikane. Binti mkubwa kasema kama alikopesha zilipwe, kama alitoa sadaka aseme sadaka, ziandikwe. Mzee kasema "andikeni mtakavyo". Tumebaki hapo.

La pili, mjane kaleta neno kupitia shangazi. Anasema wiki moja kabla ya kufa marehemu alimwambia yeye na fundi wa mashua, minazi ya upande wa mtoni ni ya wale wajukuu. Hajawahi kusema kwa sababu hakuulizwa. Ipo kama hamsini. Kijana mkubwa kakasirika, mdogo wake kakubali palepale.

Maalimu_Chumbageni

Wasia wa mdomo unaweza kusimama, na minazi hiyo haionekani kufika theluthi. Tatizo ni ushahidi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja hawatoshi kwa utaratibu wa kawaida. Kuna mwingine aliyesikia? Kama hakuna, warithi wazima wote wakiridhia kwa maandishi yamekwisha. Asiyeridhia halazimishwi, wasia huo utabaki kwenye mafungu ya walioridhia. Na fundi huyo ahojiwe sasa, kabla hajakaa na mtu.

Karani_Mstaafu

Na zile 640,000 zikiandikwa deni, hesabu ya Maalimu imeharibika, fungu halitoki laki moja tena. Linashuka mpaka 96,190 na vichenji. Mwacheni mzee alale nalo siku mbili tatu. Muhtasari usipelekwe mahakamani na nafasi hiyo ikiwa tupu, kuna mtu atakuja kuijaza.

Mpanda_Ngalawa

Fundi yuko Kipumbwi, anarudi na maji ya Alhamisi. Nitakuja kuwaambia.